Alama 9 kwa 20: Mwanafunzi afanyeje na nambari hii?

Likizo ya Aprili, mjukuu wangu aliye katika Kidato cha Nne alinijia na karatasi mbili zilizobanwa pembeni kwa pini. Ilikuwa insha yake ya Kiswahili. Juu ya ukurasa wa kwanza, ndani ya duara jekundu, palikuwa na 9/20, na chini yake neno moja: 'Jitahidi'. Akaniuliza, "Babu, wewe ni profesa wa Kiswahili. Hii tisa nifanye nayo nini?"

Nilicheka kwanza. Kisha nikagundua kwamba sikuwa na jibu. Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia insha za mwaka wa kwanza hadi tasnifu za uzamifu, na katika pambizo za kazi hizo nimeandika 'fafanua', 'haieleweki' na 'boresha' mara zisizohesabika. Wanafunzi wangu wengi walipokea nambari na vijineno hivyo, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza alichoniuliza mtoto huyu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na pengine kuwajibu wale wengine waliochelea kuuliza.

Kiswahili kimetupa neno zuri la kile ambacho mwanafunzi anastahili kupewa: mrejesho. Limetokana na kitenzi rejesha. Wengi wetu huliona neno hili upande mmoja tu, kwamba mwalimu anamrejeshea mwanafunzi karatasi yake. Lakini safari haiishii hapo. Kinachorejeshwa kwa mwanafunzi hakina budi kurejea tena kwenye ukurasa, katika rasimu inayofuata. Kisiporejea, basi ni taarifa tu, kama taarifa ya salio inayokuja kwenye simu baada ya kulipia mkate.

Msomi wa Australia, Royce Sadler, alilieleza jambo hili vyema mwaka 1989. Alisema kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake asipokuwa na mambo matatu: ajue kazi nzuri ni ipi, aweze kuilinganisha kazi yake na hiyo nzuri, na awe na hatua ya kuchukua ili kupunguza pengo lililo baina yake. Sasa ipime 9/20 kwa kipimo hicho. Inamwambia mtoto kwamba pengo lipo. Haimwambii liko wapi, wala haimwonyeshi daraja la kulivukia.

Hebu basi tuifungue hiyo tisa tuone ndani yake mna nini.

Wasomaji waliowahi kufundisha shule za upili wanafahamu jinsi insha ya KCSE inavyotuzwa. Karatasi ya kwanza ina insha mbili, kila moja ina alama 20. Mtahini hajumlishi alama tano za sarufi na tano za maudhui kama anayepiga hesabu za dukani. Huisoma insha nzima, huku akiweka ishara zake, kisha hujiuliza: kwa jumla, insha hii ni ya kiwango gani? Kiwango cha D huanzia alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Baada ya kuamua kiwango ndipo huteua nambari ndani yake, ya chini, ya wastani au ya juu. Kwa hivyo tisa si idadi ya kitu chochote. Ni uamuzi uliofupishwa. Mtahini amesema, 'Hii ni C ya juu, imekaribia B lakini haijafika.'

Hapo tayari tumepata swali bora kuliko lile la 'nijitahidi vipi?' Swali ni hili: ni kitu gani kimeizuia insha hii isivuke kutoka C hadi B? Kwa muhtasari, insha ya C ya juu imeikabili mada na inaeleweka, ila hoja zake ni kavu, lugha yake haivutii, na makosa yapo ingawa hayazuii mawasiliano. Insha ya B huonyesha mwandishi anayeimudu lugha na anayezijenga hoja zake mpaka zikasimama. Kujua tu ngazi ya juu inahitaji nini kumepunguza kazi yetu kwa nusu.

Mada ya mjukuu wangu ilikuwa: 'Usafiri wa bodaboda una madhara mengi kuliko manufaa. Jadili.' Alikuwa ameandika aya nane. Karatasi yenyewe ilitapakaa wino mwekundu. Nilihesabu alama za makosa nikapata 23. Kwa mtoto wa miaka 17, alama nyekundu 23 zina maana moja tu: kila kitu ni kibaya, hakuna pa kuanzia.

Nilichofanya mwanzo, nakiri, kilikuwa kosa la kiprofesa. Nilichukua kalamu yangu nikamwandikia maoni ya kurasa mbili. Nilitaja utangulizi, upatanisho wa kisarufi, matumizi ya viunganishi, hoja zisizokomaa, umaskini wa methali, hitimisho la haraka na mwandiko. Mambo saba. Nilijiona nimemfaa sana. Kesho yake aliniletea rasimu ya pili, imeandikwa upya kwa mwandiko mzuri. Niliziweka rasimu zote mbili mezani, bega kwa bega. Kumbe alikuwa amesahihisha tahajia, ameongeza methali mbili zisizohusiana na bodaboda, na basi! Aya zote nane zilikuwa vilevile, sentensi kwa sentensi.

Sikumlaumu. Mtu akipewa kazi saba kwa pamoja, huanza na ile iliyo rahisi, na iliyo rahisi siku zote ni ile ambayo mwalimu ameshaifanya nusu. Nikiandika 'kwa sababu' juu ya 'kwasababu', jibu limo mkononi, anachohitaji ni kunakili. Nikiandika 'hoja hazijakomaa', atafanya nini? Atairuka. Hii ndiyo njia ya kwanza ya kutambua kwamba mrejesho umefeli: linganisha rasimu mbili. Ukiona kilichobadilika ni maneno tu na aya hazikuguswa, ulimpa mwanafunzi kazi ya kunakili, hukumpa kazi ya kuandika.

Tukaanza upya. Safari hii nilijilazimisha kufanya kwanza kile ambacho huwa sikifanyi, nacho ni kuyapanga makosa kwa aina badala ya kuyahesabu. Kati ya yale 23, kumi yalikuwa ya upatanisho wa neno bodaboda lenyewe. Mara aliandika 'bodaboda inabeba abiria watatu', mara 'bodaboda anaendesha kasi', na mara zote mbili ndani ya sentensi moja. Hajui kwamba ametumia neno moja kwa vitu viwili, pikipiki na mwendeshaji wake. Hilo ni kosa moja lililojirudia mara kumi. Sita yalikuwa ya kuchanganya 'l' na 'r', kama 'kaluti' kwa karoti na 'balabala' kwa barabara. Manne yalikuwa ya kutenganisha au kuunganisha maneno, kama 'ana po pita' na hilo 'kwasababu'. Yaliyobaki matatu yalikuwa ya bahati mbaya tu. Makosa 23 yakawa mazoea matatu na ajali ndogo tatu.

Watahini wenyewe hulijua jambo hili, ndiyo maana hutakiwa kuonyesha kosa pale linapotokea kwa mara ya kwanza. Lakini darasani tumezoea kulipiga mstari kila linapochomoza, na mwanafunzi akiona wino akadhani ana maradhi 23 ilhali ana matatu.

Kisha nikajiuliza: nikiyaondoa makosa haya yote ya lugha, insha itavuka kwenda B? Niliisoma tena kama kwamba imeandikwa bila kosa hata moja. Jibu lilikuwa la. Ingekuwa safi zaidi, labda ingepata 10, lakini ingebaki C. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila mwalimu kabla ya kuandika neno lolote. Chukua udhaifu mmoja, uufute kichwani, halafu uisome insha bila udhaifu huo. Ikiwa kiwango hakibadiliki, si hapo pa kuanzia.

Kilichokuwa kinaishikilia insha kilionekana katika aya ya pili. Naileta ilivyokuwa:

'Kwanza kabisa, bodaboda zinaleta ajali. Ajali ni nyingi sana siku hizi. Watu wengi wanaumia kwasababu ya ajali za bodaboda. Kwa hivyo bodaboda ni mbaya sana kwa maana zinasababisha ajali.'

Sentensi nne, wazo moja. Sentensi ya kwanza imetoa hoja, na tatu zinazofuata zimeirudia kwa mavazi mengine. Nilipozitazama aya nyingine, ya tatu na ya tano zilikuwa hivyohivyo, na ya sita ilielekea huko. Ukiiondoa tabia hii moja, nusu ya insha inabadilika. Hapo ndipo penye mlango wa B.

Mwalimu wake alikuwa ameliona jambo hilo. Kando ya aya hiyo alikuwa ameandika 'fafanua'. Si neno baya, na ni sahihi kabisa. Nilitaka kujua linasikikaje kwa mtoto, kwa hivyo nilimwambia aifafanue aya hiyo papo hapo. Alifikiri kidogo, akaongeza: 'Ajali hizi ni mbaya na zinatokea kila mahali.' Sentensi ya tano ya aina ileile. Alikuwa ametii. Kwake yeye, kufafanua ni kusema tena kwa maneno mengine, na hakuna aliyewahi kumweleza vingine. Maneno kama fafanua, boresha, panua na chambua ni majina ya mahali pa kufika. Anayeyaelewa ni yule ambaye tayari anajua njia, na huyo hayahitaji.

Basi nilimwandikia maoni mamoja badala ya saba. Yalikuwa hivi:

'Katika aya ya pili, ya tatu na ya tano, sentensi ya kwanza inatoa hoja na zinazofuata zinairudia. Iache sentensi ya kwanza. Futa zile nyingine. Mahali pake andika sentensi inayojibu swali "kwa nini hutokea?" na nyingine inayojibu "uliona wapi?". Ukimaliza, funika sentensi ya kwanza kwa kidole. Kama zilizobaki hazimwambii msomaji jambo jipya, futa uanze tena.'

Msomaji ataona kwamba maoni haya yana vipande vinne. Yanataja mahali, yaani aya zipi. Yanaeleza kilichopo pale kwa sasa, bila kukihukumu. Yanatoa kitendo ambacho mkono unaweza kukifanya: futa, andika. Na mwisho, yanampa mwandishi kipimo chake mwenyewe, ili asilazimike kunijia kila mara kuuliza, "Babu, sasa iko sawa?" Kile kidole ndicho muhimu kuliko vyote. Ndicho kinachotimiza sharti la pili la Sadler, kwamba mwanafunzi aweze kulinganisha kazi yake na kazi nzuri bila ya mwalimu kusimama nyuma yake.

Kuna jambo ambalo sikulifanya, nalo ni kumwandikia aya hiyo mwenyewe. Ilikuwa vigumu kujizuia, maana nilikuwa nimeshaiona kichwani. Lakini ningeiandika, angeinakili, na aya ya pili ingekuwa yangu huku ya tatu na ya tano zikibaki zake. Nilimwonyesha mfano kwa mada nyingine kabisa, ya uhaba wa maji mtaani kwetu, ili aione njia bila kupewa jibu.

Kesho yake aya ya pili ilisomeka hivi:

'Kwanza, pikipiki za bodaboda husababisha ajali. Waendeshaji wengi hufunzwa na rafiki kwa siku mbili tatu, kisha huanza kubeba abiria bila leseni wala helmeti ya pili. Mwezi wa Februari jirani yetu alivunjika mguu usiku kwa sababu mwendeshaji hakuliona tuta la barabarani. Abiria wa pikipiki hana mlango wala mkanda wa kumshika, kwa hivyo hata kosa dogo humtupa lamini.'

Tazama lililotokea, kwani hata mimi lilinishangaza kidogo. Sikumwambia lolote kuhusu upatanisho wa neno bodaboda, lakini tatizo hilo limetoweka katika aya hii. Alipolazimika kueleza nani alifanya nini, ilibidi apate maneno mawili, pikipiki na mwendeshaji, na ngeli zikajipanga zenyewe. Makosa mengine ya sarufi hutokana na wazo lisilo na sura. Si yote, lakini ni mengi kuliko tunavyodhani, na ndiyo sababu nyingine ya kutoanza na wino mwekundu wa sarufi wakati aya yenyewe inangoja kubomolewa. Kuipaka rangi nyumba ambayo ukuta wake utaangushwa kesho ni kupoteza rangi.

Sasa niligusie swali ambalo walimu huniuliza kila tunapozungumzia haya: je, tusitoe alama kabisa? Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti aliowafanyia wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Aliwagawa katika makundi matatu. La kwanza lilipewa alama pekee, la pili maoni pekee, na la tatu alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni pekee walifanya vyema zaidi katika kazi zilizofuata na hamu yao haikufifia. Jambo lililowashtua wengi ni kundi la tatu. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika kama waliopewa maoni pekee; walifanana zaidi na wale wa alama tupu. Alama iliyafunika maoni.

Asiyeamini na aende darasani siku ya kurudisha insha. Mwanafunzi hutazama duara, kisha hutazama duara la jirani, kisha huikunja karatasi. Yale maoni yaliyomkesha mwalimu hayakusomwa. Nambari imeshajibu swali lililomsumbua, yaani 'mimi ni wa ngapi?', na akili ikafunga duka.

Hata hivyo, sisemi alama zitupwe. Shule zinazihitaji, wazazi wanazidai, na mtihani wa kitaifa hautaondoa nambari kwa ajili ya makala ya gazetini. Ninachopendekeza ni mpangilio. Mwalimu aiweke alama kwenye daftari lake. Mwanafunzi apewe maoni kwanza, aandike upya aya mbili au tatu, azirudishe, ndipo aambiwe alama. Nambari ileile inayokuja wiki moja baadaye haiui kazi, kwa maana kazi imeshafanyika.

Najua jibu la mwalimu wa darasa la wanafunzi 50. Akitumia dakika 10 kwa kila insha, hizo ni dakika 500, zaidi ya saa nane, na ana madarasa mengine matatu. Ana haki kulalamika. Lakini nyingi za dakika hizo huishia kupiga mistari chini ya makosa yanayojirudia. Mwalimu akisoma insha nzima bila kuweka wino, akachagua udhaifu mmoja, kisha akaandika maoni katika aya mbili tu, anaweza kumaliza kwa dakika nne au tano. Tena atagundua kwamba darasa zima lina magonjwa matatu au manne, si 50. Kuna wanaorudia hoja moja, kuna walioacha upande mmoja wa mjadala, kuna waliopotoka nje ya mada. Maoni ya kila kundi yanaweza kuandikwa ubaoni mara moja yakipewa herufi, na kwenye karatasi mwalimu akaandika herufi na nambari ya aya. Kinachobaki ni kuwapa wanafunzi dakika 20 za kipindi waandike upya palepale. Maoni ambayo hayakutengewa muda wa kutumiwa hayatatumiwa.

Njia hii ina mipaka, na sitaki kuificha. Kama insha imepotoka na kuacha mada, usihangaike na aya. Mrudishe mwandishi kwenye swali lenyewe, apige mstari chini ya maneno mazito, aandike mpango mpya. Kama mwanafunzi hana maarifa ya mada, kumwuliza 'uliona wapi?' ni kumtesa, kwani hakuona popote. Huyo anahitaji kusoma kwanza. Na kama ni mtihani wa mwisho usio na rasimu nyingine mbele yake, nambari inatosha, kwa sababu pale kazi ya nambari ni kupima, si kufundisha.

Msomaji atataka kujua iliishia wapi. Mjukuu wangu aliandika rasimu ya tatu, nami nikampa rafiki yangu aliyesahihisha insha za shule za upili kwa miaka mingi, bila kumwonyesha zilizotangulia. Alimpa 12. Binti aliruka kwa furaha, na sikutaka kumharibia. Ila nafsini mwangu najua kwamba watahini wawili wanaweza kutofautiana kwa alama moja au mbili juu ya insha ileile, kwa hivyo kupanda kutoka 9 hadi 12 si ushahidi ambao ningeapa kwao. Pia insha ile ina upungufu ambao bado hatujaugusa: swali lilisema 'jadili', naye ametenga mistari mitatu tu kwa manufaa ya bodaboda. Hiyo ndiyo kazi ya rasimu ijayo.

Ushahidi ninaouamini uko kwenye aya ya sita. Kumbuka nilimtajia aya ya pili, ya tatu na ya tano. Ya sita, ambayo nayo ilikuwa imeanza kujirudia, niliinyamazia makusudi. Katika rasimu ya tatu, aya hiyo ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya, ikiwa na sababu yake na mfano wake wa vijana wawili wa kijijini walioacha shule ili waendeshe pikipiki. Nilipomuuliza nani alimwambia aibadilishe, alinitazama kama niliyeuliza swali la ajabu.

"Hakuna, Babu. Nilifunika na kidole nikaona hakuna kitu."

Mwalimu anayetaka kujua kama mrejesho wake umefika asitazame pale alipoweka kalamu. Atazame pale ambapo hakuiweka.